Mteja mpya anaonyeshwa vitu vya ajabu: kutafuta hitilafu kwenye mapendekezo ya duka la mtandaoni

Lalamiko lenyewe hufika likiwa na sura moja: mteja kafungua programu ya duka kwa mara ya kwanza, na sehemu ya "Tunakupendekezea" imemletea kava za simu ambazo hakuna anayezitumia tena, au haikumletea chochote. Mwenye duka anaomba algoriti mpya. Kwa maduka ya Dar es Salaam ushauri wangu ni kutoigusa algoriti kwanza. Mara nyingi mteja huyo alikwisha kutoa dalili ya anachotaka, ila dalili hiyo iliangukia mlangoni kabla mfumo haujaipokea.

Kwanza, kinachotakiwa kutokea

Mapendekezo ya maduka mengi hutumia uchujaji shirikishi, yaani kumpendekezea mteja kwa kufuata tabia za wateja wengine. Uchujaji shirikishi haujui bidhaa. Haujui kwamba sufuria ni ya jikoni wala kwamba khanga huvaliwa. Unachokitazama ni jedwali: kila mteja ana mstari wake, kila bidhaa ina safu yake, na pale vinapokutana kuna alama kama mteja alinunua au la. Mapendekezo hutoka kwenye tabia za watu wengine waliogusa vitu ulivyogusa wewe. Njia inayotumika sana madukani ni ya kulinganisha bidhaa kwa bidhaa, ambayo wahandisi wa Amazon waliichapisha mwaka 2003.

Tuchukue duka la mfano la Kariakoo. Sufuria imenunuliwa na watu 100, jiko la gesi na watu 64, na walionunua vyote viwili ni 32. Ufanano hupatikana kwa kuchukua walionunua vyote viwili na kugawa kwa kipeuo cha pili cha zao la wanunuzi wa kila kimoja:

```
sufuria na jiko:   32 / sqrt(100 * 64)  = 32 / 80  = 0.40
sufuria na chaja:  40 / sqrt(100 * 400) = 40 / 200 = 0.20
```

Angalia mstari wa pili. Watu 40 walionunua sufuria walinunua pia chaja ya simu, ambao ni wengi kuliko wale 32 wa jiko. Lakini chaja inanunuliwa na kila mtu, watu 400 kwa jumla, kwa hiyo kukutana kwake na sufuria hakusemi mengi. Kugawa huko ndiko kunakoizuia chaja isijipachike kila mahali.

Sasa mteja akifungua programu, mfumo unachukua vitu alivyogusa, yaani alivyobonyeza au kununua, na kujumlisha ufanano wa kila bidhaa nyingine na vitu hivyo. Aliyegusa sufuria anapata jiko kwa 0.40 na chaja kwa 0.20. Ambaye hajagusa kitu hana cha kujumlishiwa, na kila bidhaa dukani inapata sifuri. Hali hiyo ndiyo mwanzo baridi, na hakuna hesabu itakayotoa mapendekezo binafsi kutoka kwenye mstari mtupu. Kwa hiyo swali la fundi ni moja: je, mstari huu ni mtupu kweli?

Dalili ya 1: Kila mgeni anaona vitu vilevile, tena vya zamani

Sababu iliyo ya kawaida kuliko zote ni kwamba bidhaa zote zimefungana kwa sifuri na programu ikazipanga hivyohivyo. Zikifungana, mpangilio mara nyingi hufuata namba ya bidhaa, na namba ndogo ni za bidhaa zilizoingizwa siku duka linafunguliwa. Ndiyo maana mgeni anakutana na kava za miaka iliyopita. Ukaguzi wake ni mwepesi: fungua akaunti mpya, chapisha alama za bidhaa kumi za kwanza. Zikiwa 0.0 zote, umepata jibu. Weka sharti kwamba alama ya juu kabisa ikiwa sifuri, mfumo usipange, uende kwenye orodha ya akiba, ile iliyoandaliwa kwa mtu asiye na historia.

Sababu ya pili ni orodha ya akiba yenyewe. Wengi huweka "vinavyouzwa zaidi" wakihesabu tangu duka lianze. Orodha hiyo inakumbuka Idi ya mwaka juzi na madaftari ya Januari, na mgeni wa mwezi Agosti anaonyeshwa yote hayo. Hesabu wiki mbili hadi nne za karibuni tu, na usikubali zaidi ya bidhaa mbili za aina moja kwenye skrini ya kwanza.

Kisha tazama umehesabu nini. Kama umehesabu vipande vilivyouzwa, mchuuzi mmoja aliyechukua dazeni ishirini za soksi amezipandisha soksi juu ya orodha peke yake. Hesabu wanunuzi. Kama unajua eneo la kupeleka mzigo, tenganisha orodha kwa maeneo, lakini pale tu eneo lina wanunuzi wa kutosha. Ukigawa hadi mtaa, utakuwa unapendekeza ununuzi wa watu wawili.

Dalili ya 2: "Mgeni" ambaye si mgeni

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hitilafu nyingi zinazoitwa mwanzo baridi mjini hapa ni za aina hii, na hakuna algoriti inayozitibu.

Anza na laini. Duka linalomtambua mteja kwa namba ya simu linamsahau siku anaponunua laini mpya kufuata bando nafuu. Mtu yuleyule wa Mbagala, simu ileile, mstari mpya mtupu. Kinyume chake nacho kipo: laini isiyotumika muda mrefu hufungwa na namba huweza kuuzwa kwa mtu mwingine, ambaye akijiandikisha dukani kwako anarithi historia ya asiyemjua. Huyo hatalalamika kwamba ukurasa ni mtupu. Atashangaa kwa nini anaonyeshwa nguo za watoto.

Ukaguzi wa haraka ni kuangalia simu ngapi zimebeba wateja zaidi ya mmoja ndani ya siku 30:

```sql
SELECT device_id, COUNT(DISTINCT user_id) AS wateja
FROM sessions
WHERE started_at > CURRENT_DATE - 30
GROUP BY device_id
HAVING COUNT(DISTINCT user_id) > 1;
```

Matokeo haya yasomwe kwa makini, kwa sababu yanachanganya mambo mawili. Simu moja yenye wateja wawili waliopokezana, wa kwanza akaacha kuonekana na wa pili akaanza wiki hiyohiyo, huenda ni mtu mmoja aliyebadilisha laini. Simu yenye wateja wawili wanaoingia zamu kwa zamu ni simu ya nyumbani, ya mama na binti yake. Mwenye simu ya aina ya kwanza anaweza kuulizwa, "Una akaunti ya zamani? Weka namba uliyotumia," na athibitishe mwenyewe. Wa simu ya nyumbani waache walivyo.

Chanzo kingine ni kutazama kabla ya kuingia. Watu wengi hupitia bidhaa bila akaunti, na huandikisha namba wanapofika kulipa. Mfumo umewafungulia kitambulisho cha muda, wametazama vitu kumi na tano, kisha wanapoandikishwa wanapewa kitambulisho kipya na vile kumi na tano vinabaki kwa mzimu. Kuunganisha vitambulisho hivyo wakati wa kuingia ni kazi ndogo kwa mtu wa programu, na katika maduka niliyoyaona ndiyo iliyopunguza wageni wa namna hii kuliko nyingine yoyote.

Halafu kuna WhatsApp. Mteja anatazama kwenye programu, anapiga picha ya skrini, anamtumia muuzaji, anamlipa kwa simu, bodaboda inapeleka mzigo Tegeta. Kanunua kwake mara sita mwaka huu. Kwenye jedwali hana hata alama moja ya ununuzi. Dawa ni karani kuingiza kila oda ya WhatsApp chini ya namba ya mteja, hata kama ni jioni, hata kama ni kwa fomu fupi ya namba ya mteja na namba ya bidhaa.

La mwisho katika kundi hili ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi: mlango aliopitia mteja. Wageni wengi wa maduka haya hawaji kwa kuandika anuani. Wamebonyeza kiungo chini ya picha ya sufuria huko Instagram. Kubonyeza huko ni dalili kamili ya anachotaka, imetolewa kabla hata programu haijafunguka, na mifumo mingi inaitupa kwa sababu kiungo kinampeleka ukurasa wa bidhaa bila kuandika kitu kwenye mstari wake. Muuzaji wa Kariakoo humwona mpita njia akisimama mbele ya meza gani kabla ya kumuuliza anataka nini. Programu yako nayo iandike aliposimama. Hali kadhalika neno la kwanza alilotafuta. Mwenye dalili hiyo moja tayari ana alama 0.40 kwa jiko la gesi, na hahitaji orodha ya akiba peke yake.

Dalili ya 3: Ameshagusa vitu vitano, mapendekezo hayasogei

Uliza kwanza mfumo unajifunza saa ngapi. Kama hesabu hufanyika usiku, aliyejiandikisha saa nne asubuhi atakuwa mgeni mpaka kesho, na pengine kesho hatarudi. Kwenye njia ya bidhaa kwa bidhaa hakuna sababu ya kumsubirisha. Jedwali la ufanano linaweza kuwa la jana, kwa kuwa uhusiano wa sufuria na jiko haubadiliki kwa siku moja. Kinachotakiwa kuwa kipya ni orodha ya vitu alivyogusa yeye. Angalia kama programu inasoma orodha hiyo papo hapo au inasoma nakala ya usiku.

Kama duka linatumia njia ya kupasua jedwali, ambapo kila mteja na kila bidhaa hupewa orodha fupi ya namba zinazoeleza mwelekeo wake, mteja mpya hana namba hizo kabisa. Dalili yake ni kosa la `IndexError` kwenye kumbukumbu za seva, ambalo mtu kalifunika kwa kurudisha orodha ya akiba. Huhitaji kuufundisha mfumo upya. Namba za bidhaa zinabaki zilivyo, na za mteja zinakokotolewa peke yake kutokana na vitu alivyogusa. Maktaba ya `implicit` ya Python inafanya hivyo kwa kigezo kimoja:

```python
ids, scores = model.recommend(
    0, user_items=mgeni, N=12, recalculate_user=True)
```

Hapo `mgeni` ni jedwali la mstari mmoja lenye vitu vyake vya leo, na safu zake ziwe zilezile za siku ya kufundisha. Bidhaa iliyoongezwa dukani baada ya hapo haimo, na ukiichomeka safu zitasogea na majibu yatakuwa ya upuuzi bila kosa lolote kuonekana.

Dalili ya 4: Kagusa kimoja, ukurasa mzima umegeuka

Mteja kabonyeza kibao cha kukatia, pengine kidole kiliteleza, na sasa anaonyeshwa mbuzi ya kukunia nazi kama ndicho kitu anachokihitaji kuliko vyote duniani. Ukichimba utakuta kila kimoja kimenunuliwa na mtu mmoja tu, na ni mtu yuleyule. Hesabu inatoa 1 gawanya kwa 1, yaani ufanano kamili wa 1.00, mkubwa kuliko sufuria na jiko waliothibitishwa na watu 32.

Tiba ni kupunguza ufanano kulingana na idadi ya mashahidi. Zidisha kila ufanano kwa idadi ya walionunua vyote viwili, gawanya kwa idadi hiyo ukiongeza 10. Sufuria na jiko wanashuka kutoka 0.40 hadi takriban 0.30. Sufuria na chaja inashuka hadi 0.16. Kibao na mbuzi wanaporomoka kutoka 1.00 hadi 0.09. Hiyo 10 si sheria. Duka lenye oda nyingi linaweza kuanzia 50.

Hata ufanano ukiwa safi, dalili moja isipewe skrini nzima. Gawanya nafasi kati ya mapendekezo binafsi na orodha ya akiba kwa kiasi cha n / (n + 5), ambapo n ni idadi ya vitu alivyogusa. Kwenye skrini ya nafasi 12, aliyegusa kitu kimoja anapata nafasi 2 zake binafsi. Akifikisha vitu vitano anapata 6, na akifikisha ishirini zinakuwa kama 10. Ugeni wake unaisha polepole, na kidole kilichoteleza hakimharibii siku.

Kama vitu vinavyotokea havina uhusiano wowote, pampasi kando ya chaja kando ya rangi ya ukutani, mtafute mnunuzi wa jumla. Mtu mmoja aliyenunua aina 300 anazalisha jozi 44,850 za bidhaa "zinazokwenda pamoja". Wachache wa namna hiyo wanatosha kuchafua jedwali la duka dogo. Waondoe kwenye hesabu ya ufanano, au wafungulie akaunti za jumla zenye jedwali lao.

Kuna wanaojaribu kukwepa haya yote kwa kumuuliza mgeni maswali. Si vibaya, ila angalia unauliza nini. Kumwonyesha chaja na kuuliza kama anaipenda hakutakuambia kitu, maana karibu kila mtu atasema ndiyo. Uliza kuhusu vitu vinavyojulikana na wengi lakini vinavyowagawa watu: vitenge, vyombo vya jikoni, vipuri vya pikipiki, nguo za watoto. Picha nne, achague zozote, na kitufe cha kuruka kionekane vizuri. Picha ziwe ndogo. Anayetumia bando la siku atafunga programu kabla picha ya tatu haijashuka.

Dalili ya 5: Vipimo vizuri, wageni hawanunui

Mtaalamu anakuletea karatasi yenye vipimo vya kuridhisha, na mauzo kwa wageni hayajasogea. Tazama jinsi data ya majaribio ilivyotengwa. Ikiwa ununuzi uligawanywa kwa kubahatisha, sehemu kubwa ya ununuzi wa majaribio ni ya watu ambao ununuzi wao mwingine ulitumika kufundishia. Mfumo umepimwa kwa wateja wa zamani. Hata shindano maarufu la Netflix la 2006 hadi 2009, lenye zawadi ya dola milioni moja, lilipima watazamaji ambao tayari walikuwa na historia ndani ya data ya kufundishia. Halikuwa jaribio la wageni.

Pima hivi: ficha wateja wazima, si ununuzi. Kwa kila aliyefichwa, mpe mfumo kitu chake cha kwanza tu na uone kama vilivyofuata vimo kwenye kumi za juu. Rudia kwa vitu vitatu, kisha vitano. Linganisha kila mara na orodha ya akiba. Kwa kitu kimoja usishangae akiba ikishinda. Ikishinda hata kwenye vitu vitano, rudi dalili ya 2, kwa sababu kuna alama zinapotea njiani.

Hapa simama, mwite mwenye taaluma

Usiunganishe akaunti za zamani kwa wingi kwa kufuata majina au simu, hasa kama zimefungwa na malipo, salio au madeni. Kosa moja linampa mtu oda na anuani ya mwingine, na kulirudisha nyuma bila nakala kamili ya hifadhidata ni balaa. Hiyo ni kazi ya mhandisi wa data, na ifanyike kwenye nakala kwanza.

Simama pia pale mtu anapokushauri umjue mgeni kwa kusoma orodha ya namba zilizomo simuni mwake, ujumbe wake mfupi, au kwa kununua data kwingine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake inayoisimamia. Mwanasheria aulizwe kabla ya msimbo kuandikwa. Swali hilohilo linahusu simu za nyumbani: kupendekeza kwa familia nzima kwa kutumia kile ambacho mmoja alinunua duka la dawa kunaweza kufichua ujauzito au maradhi. Bidhaa za afya zitolewe kwenye jedwali tangu mwanzo.

Na kama duka lina bidhaa 2,000 na wanunuzi 150, acha kutafuta hitilafu. Jozi nyingi za bidhaa hazitakuwa na hata mnunuzi mmoja wa pamoja, na wa zamani wako baridi sawa na wapya. Panga kwa aina ya bidhaa na bei, weka orodha ya wiki hii inayochaguliwa na muuzaji mwenyewe, endelea kuandika kila mguso wa mteja, na uchujaji shirikishi uwashwe oda zikishaongezeka.